Nguzo moja ndefu mara mbili ya nyingine: nilivyokosa maswali ya grafu, na nilivyokuja kuyasoma

Nilivuka bahari kwa ajili ya mtihani wa nusu saa. Niliondoka Wete kabla ya jua, nikachukua gari hadi Mkoani, nikapanda boti, na usiku nikalala kwa shoga yangu Mwanakwerekwe. Nauli za kwenda na kurudi, chakula na kutoa nakala za vyeti vilinitoa karibu shilingi laki moja, na sehemu ya pesa hizo nilikopeshwa na mama kutoka kwenye kibubu chake. Ulikuwa mtihani wa mchujo wa kazi ya ukarani. Unafanywa kwenye kompyuta, maswali 20 kwa dakika 30. Kati ya hayo, maswali 6 yalikuwa na picha ya grafu, na chini yake sentensi nne. Kazi yako ni kuchagua sentensi moja inayolingana na picha.

Nilipobonyeza kumaliza, alama zilitokea palepale zikiwa zimegawanywa kwa sehemu. Lugha nilifanya vizuri. Hesabu za kawaida nilipita. Mbele ya sehemu ya takwimu paliandikwa 2/6, na kwa sehemu hiyo tu nikawa nje. Nilitoka ukumbini nimeshika begi kifuani kama mtu aliyeibiwa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba maswali yale niliyaona mepesi. Niliyajibu haraka, bila wasiwasi wowote.

Ndani ya boti ya kurudi nilichora kwa kalamu zile grafu tatu nilizozikumbuka vizuri, kabla hazijapotea kichwani, pamoja na sentensi nilizochagua. Yeyote atakayefeli mtihani wa namna hii namshauri afanye hivyo siku ileile. Alama haikuonyeshi ulipokosea, bali swali lenyewe, na swali husahaulika upesi.

Nyumbani nilimpelekea ami yangu. Amefanya kazi miaka mingi ya kupima na kuandika karafuu kwenye kituo cha ununuzi, na mpaka leo akiona namba anavaa miwani kwanza ndipo aseme neno.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Haya, nambie, umekuja na nini?"

Nikamwonyesha ya kwanza. Ilikuwa grafu ya nguzo, zile ambazo wengine huziita pau. Kichwa chake kilisema ni karafuu zilizonunuliwa katika vituo vinne, kwa tani, na namba zake zilikuwa za kubuni kwa ajili ya mtihani. Nguzo ya Kituo cha 2 ilikuwa ndefu mara mbili ya nguzo ya Kituo cha 1. Hilo halikuwa na shaka, hata ukipima kwa kidole. Sentensi zilikuwa hivi: kwamba Kituo cha 2 kilinunua mara mbili ya Kituo cha 1, kwamba Kituo cha 3 kilinunua tani 90, kwamba Kituo cha 2 kilikizidi Kituo cha 1 kwa chini ya asilimia 20, na kwamba Kituo cha 4 kilikizidi Kituo cha 2. Mimi nilichagua ya kwanza, na sikuchukua hata sekunde kumi.

Ami hakutazama nguzo kabisa. Aliweka kidole chini kabisa ya mhimili wa wima, pale nguzo zinapoota, akauliza: "Hapa pameandikwa ngapi?"

Paliandikwa 200. Nilipaona ukumbini, tena nilipachora mwenyewe ndani ya boti, lakini sikupasoma.

Akachukua daftari la hesabu la mdogo wangu, lile lenye miraba. Kwenye grafu ya mtihani kila mraba ulikuwa tani 10, na kuhesabu kulianza 200. Kituo cha 1 kilikuwa na miraba 3, kwa hiyo tani 230. Kituo cha 2 kilikuwa na miraba 6, kwa hiyo tani 260. Miraba 6 ni mara mbili ya miraba 3, sawa, lakini tani 260 si mara mbili ya tani 230. Tofauti yao ni tani 30, na 30 kwa 230 ni kama asilimia 13. Jibu lilikuwa ile sentensi ya tatu, niliyoiruka kwa sababu ilitaka hesabu. Kituo cha 3 kilikuwa na tani 290, na atakayehesabu kutoka chini ya nguzo bila kutazama ile 200 ndiye atakayechagua tani 90. Kituo cha 4 kilikuwa na 245, hakikumfikia wa pili. Kila sentensi ya uongo ilikuwa imewekwa kumngoja mtu wa kosa fulani, na mimi nilikuwa yule wa kosa la kwanza.

Kisha ami akachora upya, safari hii kutoka sifuri, kila mraba tani 20. Nguzo ya kwanza ikafika miraba kumi na moja na nusu, ya pili miraba kumi na tatu. Nilizitazama zikiwa zimesimama bega kwa bega, karibu kimo kimoja. Karafuu ni zilezile na tani ni zilezile. Kilichoondolewa kwenye picha ya mtihani ni tani 200 za chini ambazo vituo vyote vilikuwa nazo sawasawa, ikabaki ncha tu.

Tangu siku hiyo, kwenye grafu ya nguzo jicho langu linaanzia chini. Nguzo inazungumza kwa urefu wake. Ikiwa imekatwa miguu, urefu haulingani tena na kiasi, na sentensi zenye "mara mbili", "nusu" au "mara tatu" huwezi kuzihukumu kwa macho; lazima usome namba ya juu ya kila nguzo na ugawanye. Tofauti, yaani "imezidi kwa tani kadhaa", bado unaweza kuisoma vizuri hata mhimili ukianzia 200, kwa sababu kutoa hakuathiriwi na pale ulipoanzia. Na usitegemee kila grafu iliyokatwa ikutangazie. Nyingine huweka kialama cha mkunjo kwenye mhimili, nyingine haziweki kitu.

Nilijizoeza kwa namba za kweli. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu wa Zanzibar 1,303,569, na sensa ya 2022 ikawahesabu 1,889,773. Nilichora nguzo mbili kutoka sifuri, na mtu akiziona anaelewa kwamba watu wameongezeka sana, kama asilimia 45. Halafu nikazichora tena nikianzia milioni moja. Sasa nguzo ya kwanza inabaki na laki tatu na kidogo, ya pili inabaki na karibu laki tisa, na kwa jicho Zanzibar inaonekana imejaa watu karibu mara tatu ndani ya miaka kumi. Nilimwonyesha mdogo wangu hii ya pili bila kumwambia kitu, naye akasema palepale, "Wamekuwa mara tatu!" Alisema kwa uhakika uleule niliokuwa nao mimi ukumbini.

Grafu yangu ya pili ilikuwa ya mstari, na hiyo ndiyo iliyonichukua siku nyingi kuielewa. Kichwa chake: kasi ya kupanda kwa bei za vyakula, asilimia kwa mwaka. Mstari ulianza juu, kwenye 8, mwaka uliofuata 6, kisha 5, kisha 3. Unateremka kama njia ya kwenda pwani. Mimi nilichagua sentensi iliyosema bei za vyakula zilishuka kila mwaka. Jibu sahihi lilisema bei zilipanda kila mwaka, ila kila mwaka kwa kasi ndogo kuliko uliotangulia.

Nilibishana na ami. Nilimwambia mstari unashuka, wewe mwenyewe unaona unashuka. Aliniuliza nini kinachoshuka, nikamjibu bei. Akanirudisha kwenye mhimili wa wima nisome maneno yaliyoandikwa pembeni yake, yale yanayosimama wima ambayo lazima uinamishe shingo kuyasoma. Maneno yale hayakusema shilingi. Yalisema asilimia.

Aliyenifungua macho hasa alikuwa dada yangu, ambaye alikuwa pale na mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkobani. Akaitoa. Kila mama Pemba anaijua ile grafu: chini ni miezi ya mtoto, pembeni ni kilo zake. Mstari ukipanda muuguzi anafurahi, ukilala anauliza mtoto anakula nini, ukishuka anashtuka kwa sababu mtoto amepungua uzito kweli. Pale mhimili unaonyesha kilo zenyewe. Lakini tuseme mtu angechora grafu nyingine ya mtoto huyohuyo, inayoonyesha ameongeza gramu ngapi kila mwezi. Mtoto mchanga huongezeka haraka miezi ya mwanzo, baadaye taratibu. Grafu hiyo ingeteremka, na mtoto mwenye afya kabisa, anayezidi kuwa mzito mgongoni mwa mama yake, angeonekana kwa mtu asiyesoma pembeni kama anakonda.

Baada ya hapo nilifanya hesabu ya mchele. Tuseme kilo ilikuwa shilingi 2,000 kabla ya mwaka wa kwanza. Ikipanda asilimia 8 inakuwa 2,160. Mwaka wa pili asilimia 6 juu ya hiyo, karibu 2,290. Mwaka wa tatu asilimia 5, karibu 2,404. Mwaka wa nne asilimia 3, karibu 2,476. Hakuna hata mwaka mmoja mchele uliporudi nyuma. Kwenye grafu ya namna hii bei hushuka pale tu mstari unapozama chini ya sifuri, na mstari wangu ulikuwa juu ya sifuri mwanzo hadi mwisho.

Hapa pia nilijifunza kwamba ile sheria ya kuanzia sifuri, niliyokuwa nimeishika kwa mikono miwili baada ya grafu ya karafuu, haifanyi kazi ileile kwenye mstari. Mstari unasomwa kwa mwinamo wake: unapanda, umelala, unashuka, wapi umepinda. Grafu ya joto la mgonjwa ikianzia nyuzi 35 haidanganyi mtu, ingekuwa ya ajabu ikianzia sifuri. Kinachoweza kukudanganya kwenye mstari ni ukali wa mwinamo, maana mhimili ukibanwa kati ya namba mbili za karibu, mabadiliko madogo huonekana kama mlima. Kwa hiyo sentensi ikisema "ulipanda" au "ulishuka", tazama umbo. Ikisema "ulipanda sana" au "kwa kasi kubwa", rudi kwenye namba kabla hujakubali.

Swali la tatu ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu nilikosa kwa kujua mambo. Ilikuwa grafu ya mstari ya wageni walioingia kuanzia Januari hadi Juni, kwa maelfu: 60, 58, 50, 28, 22, halafu 41. Hizi nazo zilikuwa namba za mtihani tu. Moja ya sentensi ilisema wageni walipungua Aprili na Mei kwa sababu ya mvua za masika. Mtu wa Zanzibar ataiachaje sentensi hiyo? Masika tunayajua, hoteli za mashamba zinafungwa, vijana wa pwani wanarudi majumbani. Nilichagua huku nikitikisa kichwa kukubali. Lakini kwenye picha hapakuwa na mvua. Palikuwa na miezi na wageni tu. Sentensi iliyolingana ilisema kushuka kukubwa kuliko kote kwa mwezi mmoja kulitokea kati ya Machi na Aprili, na kweli ni elfu 22, wakati mishuko mingine ni elfu 2, elfu 8 na elfu 6. Sentensi mbili zilizobaki zilikuwa za uongo wa wazi: moja ilisema wageni walipungua kila mwezi hadi Juni, nyingine ilisema Juni ilizidi Machi.

Nilimwambia ami kwamba sentensi yangu ilikuwa kweli. Akasema, "Huenda ni kweli, lakini hukuulizwa hiyo. Mtu akileta gunia kituoni, mimi naandika ilichosema mizani. Siandiki kwamba mwaka huu mikarafuu imezaa." Sasa kila nikiona "kwa sababu", "kutokana na" au "ndiyo maana" ndani ya sentensi ya kuchagua, nasimama. Grafu inaweza kuonyesha kitu kimepungua lini na kwa kiasi gani. Sababu haionyeshi, isipokuwa nayo imechorwa pale, na hata ikichorwa inaonyesha tu kwamba vitu viwili vimekwenda pamoja.

Niliomba tena nafasi ilipotangazwa nyingine, na katikati nilikuwa na kama miezi minne. Kila usiku baada ya isha nilifanya grafu mbili, si zaidi. Nyingine nilizipata kwenye vitabu vya skuli vya mdogo wangu, nyingine kwenye taarifa za mfumuko wa bei za Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Kilichobadilisha matokeo yangu kuliko kitu kingine ni kwamba nilizifunika sentensi. Nilikuwa naweka karatasi juu ya majibu, nasoma kichwa, nasoma maneno ya mihimili yote miwili pamoja na kizio, natazama chini mhimili unaanzia ngapi, halafu naandika sentensi yangu mwenyewe moja kwa Kiswahili cha kawaida, kama vile namwelezea mama ambaye haioni picha. Ndipo nafunua. Nikianza na sentensi zao, jicho huenda kwenye picha kutafuta kukubali, na picha yoyote ukiitafutia kukubali itakukubalia. Mwanzoni hii ilinichukua dakika nne kwa grafu moja, na dakika nne huna. Kwa mtihani ule ni dakika moja na nusu. Ilishuka taratibu hadi dakika moja na kidogo, na ile sentensi nikaacha kuiandika, nikawa naisema moyoni.

Jambo dogo la vitendo: nilipoteza pesa kwa kutoa nakala za grafu dukani kwa wino mweusi. Grafu ya mistari mitatu, nyekundu, bluu na kijani, ilirudi na mistari mitatu ya kijivu, na ule ufunguo wa pembeni unaosema rangi ipi ni ya nini haukuwa na maana tena. Bora uitazame kwenye simu na kuikuza. Na kusoma namba ya nukta iliyo mbali na mhimili, weka ukingo wa karatasi ulale kutoka kwenye nukta hadi kwenye mhimili wa wima. Ukumbini waliniruhusu karatasi ya rafu, nami niliiweka hivyo juu ya kioo cha kompyuta. Jicho peke yake hupanda au huteremka njiani, hasa nukta ikiwa mwisho wa kulia.

Mara ya pili nilipata 5/6, nikaitwa kwenye usaili. Ile moja niliyokosa niliichora tena ndani ya boti. Ilikuwa na nguzo za tani za karafuu na, juu ya nguzo hizohizo, mstari wa bei. Mhimili wa kushoto ulikuwa wa tani. Mimi niliisoma bei kwa mhimili huo, na nilipoona mstari umepita juu ya nguzo nikachagua sentensi iliyosema bei imezidi mavuno. Upande wa kulia wa picha, kwa maandishi madogo, kulikuwa na mhimili wa pili wenye shilingi kwa kilo. Tani na shilingi haziwezi kuzidiana, na mahali mstari ulipokutana na nguzo palitokana na namna mchoraji alivyopanga mihimili yake tu. Ami alipoiona alivaa miwani, akaweka kidole kushoto, kisha akakipeleka polepole mpaka kulia kabisa ya karatasi.

"Huku hukufika," akasema.

Nikamsogezea lile daftari la miraba, tukaanza kuichora upya, tani kwenye ukurasa mmoja na bei kwenye mwingine.